Kipaumbele Kisichokatiza: Uhakiki wa Dhana ya Kipaumbele cha Makatizo katika ATmega328P na Athari ya Vishughulikizi Virefu

Katika maandishi yanayohusu programu za mikrokontrola, neno kipaumbele hutumika kana kwamba lina maana moja tu. Mwandishi hueleza kwamba katizo la kwanza lina kipaumbele kuliko la pili, na msomaji huelewa kwamba la kwanza litahudumiwa mapema wakati wowote litakapotokea. Uelewa huo ni sahihi kwa baadhi ya prosesa na si sahihi kwa nyingine, na tofauti hiyo haionekani katika neno lenyewe. Uhakiki huu unalichunguza neno hilo kwa kutumia kisa kimoja: mikrokontrola ya ATmega328P, ile iliyomo katika bodi ya Arduino Uno, inayoendeshwa na saa ya megahezi 16. Hoja inayotetewa ni kwamba kipaumbele cha prosesa hii ni mpangilio wa zamu tu, si haki ya kukatiza. Kwa sababu hiyo, muda wa kusubiri wa tukio la dharura hauamuliwi na nafasi ya tukio hilo katika jedwali, bali na urefu wa kishughulikizi kirefu kuliko vyote katika programu nzima.

Maana mbili ndani ya neno moja

Jedwali la vekta la ATmega328P lina vekta 26. Ya kwanza ni ya kuwasha upya. Ya pili, INT0, ni ya ishara ya nje; ya 12, TIMER1_COMPA, ni ya ulinganisho wa kipima muda cha kwanza; ya 19, USART_RX, ni ya baiti iliyopokewa kwenye laini ya mawasiliano. Mwongozo wa mtengenezaji unaeleza kwamba kadiri anwani ya vekta inavyokuwa ndogo ndivyo kipaumbele chake kinavyokuwa kikubwa. Maelezo hayo hayana kosa. Kasoro yake ni kwamba yanahitaji kusomwa pamoja na maelezo mengine yaliyo mbali kidogo nayo: prosesa inapoingia katika kishughulikizi chochote, biti ya I katika rejista ya SREG hufutwa yenyewe, na tangu hapo hakuna katizo jingine linalosikilizwa mpaka amri ya RETI iirudishe biti hiyo.

Maelezo hayo mawili yakisomwa pamoja, picha hubadilika. Chukulia mahali ambapo watu wanasubiri kwa kinyozi mmoja. Kuna utaratibu wa kuamua nani aitwe kwanza kiti kinapokuwa wazi, na kuna utaratibu mwingine, adimu zaidi, wa kumruhusu mtu amsimamishe aliyekwisha kukaa kitini. ATmega328P ina utaratibu wa kwanza peke yake. INT0 ikiomba huduma sambamba na USART_RX, INT0 itatangulia. Lakini INT0 ikiomba huduma wakati kishughulikizi cha vekta ya 19, au hata cha vekta ya 25, kimekwisha kuanza, itasubiri mpaka kimalizike, kiwe kifupi au kirefu. Nafasi ya pili katika jedwali haiisaidii chochote.

Hapa panafaa kutenganisha istilahi. Uwezo wa kuitwa kwanza miongoni mwa wanaosubiri utaitwa kipaumbele cha zamu. Uwezo wa kusimamisha kishughulikizi kinachoendelea utaitwa kipaumbele cha kukatiza. Utengano huu haukubuniwa kwa ajili ya uhakiki tu. Familia ya prosesa za Cortex-M imeuweka ndani ya chombo chenyewe, kama itakavyoonekana baadaye. Kinachoshangaza ni kwamba vitabu vingi vya kufundishia huanza na prosesa ambayo haina utengano huo, kisha hutumia lugha ya ile iliyo nao.

Kosa hili lina mizizi hata katika nadharia. Kazi ya Liu na Layland ya mwaka 1973, ambayo ndiyo msingi wa kanuni ya kuipa kazi yenye kipindi kifupi kipaumbele cha juu, inachukulia kwamba kazi ya kipaumbele cha juu inaweza kuisimamisha ile ya chini papo hapo. Anayechukua kanuni hiyo na kuipeleka kwenye vishughulikizi vya ATmega328P ameichukua hitimisho na kuliacha sharti lake nyuma. Hesabu yake ya matumizi ya prosesa inaweza kuonyesha nafasi tele, na bado tukio la dharura likapotea.

Kisa cha baiti zinazopotea

Tuseme programu ina mambo mawili ya kufanya. Kila baada ya milisekunde 10, kipima muda cha kwanza huita kishughulikizi kinachosoma vipimo, kuvikokotoa na kuviandika kwenye skrini ndogo. Kazi hiyo yote huchukua mikrosekunde 400. Kando yake, kifaa kingine hutuma ujumbe wa baiti 20 mfululizo kwa kasi ya baudi 115200. Kila baiti ina biti 10, yaani biti ya kuanza, biti nane za data na biti ya kumalizia. Hivyo huchukua takriban mikrosekunde 86.8. Matumizi ya prosesa kwa upande wa kipima muda ni mikrosekunde 400 katika kila 10,000, yaani asilimia 4. Kwa jicho la kawaida, mfumo huu umelala.

Mpokeaji wa mawasiliano katika ATmega328P ana akiba ya vyumba viwili, pamoja na rejista ya kuhamishia ambamo baiti inayoingia hukusanywa biti kwa biti. Akiba ikiwa imejaa, baiti ya tatu huweza kusubiri ndani ya rejista ya kuhamishia. Biti ya kuanza ya baiti ya nne inapogunduliwa wakati hali iko hivyo, data hupotea na biti ya DOR0 katika rejista ya UCSR0A huwashwa.

Sasa fuatisha wakati. Kishughulikizi cha kipima muda kinaanza, na mara tu baada yake baiti ya kwanza inakamilika. Ombi la USART_RX linasimama, lakini biti ya I imefutwa, kwa hiyo hakuna anayelisikiliza. Mikrosekunde 87 baadaye baiti ya pili inajaza chumba cha pili. Ikitimia mikrosekunde 174 baiti ya tatu imekamilika na inasubiri katika rejista ya kuhamishia. Takriban mikrosekunde 4 baada ya hapo, kwa kuwa baiti huhesabiwa kukamilika katikati ya biti ya kumalizia, biti ya kuanza ya baiti ya nne inafika. Ni mikrosekunde 178 hivi tangu baiti ya kwanza ikamilike, na kishughulikizi cha skrini bado kina zaidi ya nusu ya kazi yake. Upotevu umetokea.

Kutokana na hesabu hiyo, kikomo kinajulikana: kishughulikizi chochote kisichozidi takriban mikrosekunde 170 kiko salama kikiwa peke yake, na cha mikrosekunde 400 hakiko salama. Inafaa pia kujua kosa litaonekana mara ngapi, kwa sababu hapo ndipo majaribio ya kawaida hudanganya. Ili baiti ipotee, kishughulikizi lazima kianze katika dirisha linaloanzia takriban mikrosekunde 135 kabla ya ujumbe na kuishia wakati baiti ya 17 inapokamilika, yaani mikrosekunde 1,475 baada ya ujumbe kuanza. Dirisha hilo lina upana wa mikrosekunde 1,610. Kipima muda huanza mara moja katika kila mikrosekunde 10,000. Hivyo, ikiwa ujumbe haufuati mpigo wa kipima muda, takriban ujumbe mmoja kati ya sita utaharibika. Lakini anayejaribu mfumo kwa kutuma ujumbe wa baiti tatu hataona kosa hata moja, akirudia jaribio mara elfu, kwa kuwa baiti tatu zinatosha katika vyumba viwili na rejista ya kuhamishia. Mtu huyo ataandika kwa dhati kwamba mawasiliano yamethibitishwa.

Maelezo mawili yanayotolewa mara kwa mara kuhusu kosa hili yanastahili kukosolewa. La kwanza ni kwamba maktaba ya Arduino ina bafa ya baiti 64 kwa ajili ya kupokea, hivyo baiti tatu au nne haziwezi kuwa tatizo. Bafa hiyo ipo, lakini iko kwenye kumbukumbu ya kawaida, na anayeijaza ni kishughulikizi cha USART_RX chenyewe. Kishughulikizi kisipoitwa, bafa haina njia ya kupata kitu. Kuipanua hadi baiti 256 hakubadilishi chochote. Inamlinda mpokeaji dhidi ya programu kuu iliyochelewa, si dhidi ya kishughulikizi kingine kilichochelewa.

Maelezo ya pili ni kwamba tatizo ni nafasi: USART_RX iko ya 19 na TIMER1_COMPA iko ya 12, basi kazi ya skrini ihamishiwe kwenye katizo lililo chini zaidi, kwa mfano lile la ADC, ambalo ni la 22. Hatua hiyo ingezisaidia tu zile nyakati ambapo maombi yote mawili yanasubiri pamoja. Katika kisa kilichoelezwa, kishughulikizi kirefu kimeanza kabla ya ombi la baiti, na zamu imekwisha kutolewa. Mikrosekunde 178 zitahesabika vilevile. Nafasi ina athari mahali pengine, na ni ndogo: kishughulikizi kirefu kikimalizika wakati katizo la kipima muda cha sifuri, vekta ya 17, linasubiri pamoja na la baiti, la 17 litatangulia na kuongeza mikrosekunde chache kwa anayesubiri.

Kupunguza kasi ni dawa ya kweli, ila ina mipaka inayopaswa kutajwa. Kwa baudi 38400 baiti moja huchukua takriban mikrosekunde 260, na uvumilivu wa mpokeaji huzidi mikrosekunde 520; kishughulikizi cha 400 kinapita. Kwa baudi 57600 uvumilivu ni takriban mikrosekunde 356, na hapo mfumo unafikia hali mbaya kuliko ya mwanzo kwa mtafuta kosa: dosari haiondoki, bali huadimika, kwa kuwa upotevu hutokea tu baiti inapokamilika ndani ya mikrosekunde 44 za mwanzo wa kishughulikizi. Kosa linalotokea mara moja kati ya sita hutafutwa. Linalotokea kwa nadra zaidi hurushiwa lawama kwa nyaya.

Namna ya kulitambua kosa ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Biti ya DOR0 husomwa kabla ya kusoma UDR0, kwa kuwa kusoma UDR0 hubadilisha hali yake, na idadi huhifadhiwa:

```c
ISR(USART_RX_vect) {
    uint8_t hali = UCSR0A;
    uint8_t baiti = UDR0;
    if (hali & (1 << DOR0)) zilizopotea++;
    weka_kwenye_bafa(baiti);
}
```

Hesabu hiyo ikipanda ilhali biti ya FE0, inayoonyesha fremu mbovu, haijawashwa, nyaya na kasi ya saa haziwezi kulaumiwa. Kilichochelewa ni prosesa.

Kufupisha au kuruhusu kukatizwa

Tiba inayopendekezwa na wengi ni kukifanya kishughulikizi kiandike alama tu, kisha kazi yenyewe ifanyike katika mzunguko wa programu kuu, ambako biti ya I imewashwa na baiti zinaweza kupokewa wakati wowote:

```c
volatile uint8_t zamu;

ISR(TIMER1_COMPA_vect) {
    zamu++;
}
```

Tiba hii ni nzuri, lakini mara nyingi huelezwa bila gharama yake. Skrini sasa huandikwa programu kuu inapofikia hapo, si baada ya milisekunde 10 kamili. Kama kazi hiyo ilikuwa na sharti la kutoyumba, sharti limevunjwa. Aidha, alama inapaswa kuwa kihesabu na si ndiyo au hapana. Programu kuu ikichelewa zaidi ya milisekunde 10, alama ya ndiyo huandikwa juu ya ndiyo nyingine na zamu moja hutoweka kimya. Kasoro hiyohiyo imo katika chombo: kila katizo lina bendera moja ya biti moja, na tukio la pili likija kabla ya la kwanza kuhudumiwa haliachi alama. Kipima muda cha sifuri katika Arduino Uno hufurika kila mikrosekunde 1,024, na maktaba huhesabu wakati wa `millis()` kwa katizo hilo. Kishughulikizi chochote kinachoshikilia prosesa kiasi cha kupitiwa na mafuriko mawili huirudisha nyuma saa ya programu nzima, wala hakuna biti ya kuwasha taarifa ya kosa kama DOR0.

Njia nyingine ni kuruhusu makatizo kukatizana kwa kuiwasha biti ya I ndani ya kishughulikizi. Maktaba ya AVR hutoa alama ya ISR_NOBLOCK kwa kazi hiyo, na urahisi wake umewaponza wengi. Ikiwekwa kwenye USART_RX, biti ya I huwashwa mwanzoni kabisa, kabla UDR0 haijasomwa. Ombi la katizo hilo halifutwi kwa kuingia katika kishughulikizi bali kwa kusoma UDR0. Kwa hiyo kishughulikizi hujikatiza chenyewe, kisha hujikatiza tena, na kila safari huacha anwani ya kurudia na rejista zilizohifadhiwa kwenye rundo. Kishughulikizi kinachoita kazi nyingine huweza kuhifadhi baiti 15 pamoja na mbili za anwani. Kumbukumbu yote ya ATmega328P ni baiti 2,048. Mizunguko hiyo ikiendelea huimaliza, na kabla ya hapo vigeu vya programu vimekwisha kuandikwa juu.

Njia salama zaidi ni kuzima chanzo chako mwenyewe kwanza, ndipo uruhusu wengine:

```c
ISR(TIMER1_COMPA_vect) {
    TIMSK1 &= ~(1 << OCIE1A);
    sei();
    andika_skrini();
    cli();
    TIMSK1 |= (1 << OCIE1A);
}
```

Amri ya cli() kabla ya mstari wa mwisho si pambo. Bila hiyo, chanzo kingefunguliwa kabla ya kutoka, na ombi lililokuwa likisubiri lingeingia juu ya kishughulikizi ambacho bado hakijarudisha rejista zake. Kwa mpangilio huu baiti husubiri mikrosekunde chache tu badala ya 400. Hata hivyo mpango huu unawaruhusu wote, wa dharura na wasio wa dharura, kwa sababu prosesa haijui tofauti yao. Anayetaka USART_RX peke yake ikatize lazima azime vyanzo vingine kimoja kimoja kwa mkono. Kipaumbele cha kukatiza, katika prosesa hii, huandikwa na mpanga programu. Hakimo katika jedwali.

Kwa upande wa utetezi, uamuzi wa wabunifu wa AVR haukuwa wa kizembe. Prosesa isiyoruhusu kukatizana ina rundo linaloweza kukadiriwa kwa kuhesabu kishughulikizi kimoja tu, na data inayotumiwa na vishughulikizi viwili haihitaji ulinzi baina yao. Kigeu cha biti 16 kwenye prosesa ya biti 8 husomwa kwa hatua mbili. Makatizo yakianza kukatizana, kishughulikizi kinaweza kusoma nusu ya thamani ya zamani na nusu ya mpya. Usalama huo hulipiwa kwa muda wa kusubiri.

Cortex-M hulipia upande wa pili. Kidhibiti chake cha makatizo, NVIC, humpa kila mwombaji namba, ambapo namba ndogo ndiyo ya dharura zaidi, na namba hiyo huweza kugawanywa sehemu mbili: ya kukatiza na ya zamu. STM32F103, kwa mfano, ina biti nne za kipaumbele, yaani ngazi 16 kama zote zitatumika kwa kukatiza. Cortex-M3 huingia katika kishughulikizi kwa mizunguko 12 ya saa iwapo kumbukumbu haiicheleweshi. Kwa hiyo kisa cha skrini na baiti kingetatuliwa kwa kuiandikia laini ya mawasiliano namba ndogo kuliko ya kipima muda, bila kufupisha chochote.

Lakini namba hizo zote ni sifuri baada ya prosesa kuwashwa. Mpanga programu asiyeandika kitu ana makatizo yote katika ngazi moja, na ngazi moja haijikatizi. Atakuwa na chombo chenye uwezo wa kukatizana na tabia ya ATmega328P. Kishughulikizi chake cha mikrosekunde 400 kitamzuia kila mtu. Hali hiyohiyo hurudi anapotumia `__disable_irq()` kulinda data katika programu kuu, kwa kuwa rejista ya PRIMASK huzuia ngazi zote pasipo kubagua. BASEPRI huzuia tu kuanzia ngazi iliyochaguliwa kwenda chini, na ndiyo inayotumiwa na FreeRTOS kwenye Cortex-M3: makatizo yaliyo ya dharura kuliko `configMAX_SYSCALL_INTERRUPT_PRIORITY` hayacheleweshwi na mfumo, kwa sharti kwamba vishughulikizi vyake visiite huduma yoyote ya mfumo huo.

Katika prosesa zote mbili, kipimo kinachoaminika ni cha nje. Pini moja huinuliwa mwanzoni mwa kila kishughulikizi na kushushwa mwishoni, na osiloskopu huachwa ikikusanya michoro kwa saa kadhaa. Upana mkubwa unaoonekana ni wa chini kabisa unaoweza kudaiwa, kwa kuwa njia ndefu zaidi ndani ya kishughulikizi huenda haikupitiwa katika saa hizo, na pini haionyeshi mizunguko ya kuhifadhi rejista kabla ya kuinuliwa kwake. Tasnifu inayotoa namba hiyo kama kikomo cha juu cha muda wa kusubiri inahitaji kuonyesha pia, kwa kuhesabu amri za prosesa, kwamba hakuna njia nyingine ndefu zaidi.